Shajara ya mradi: seva ya kufikia kompyuta kwa mbali, ofisi ya Moi Avenue na godauni la Shimanzi

Jumatatu, siku ya kwanza

Nimeanza shajara hii leo jioni kwa sababu jambo nililoliona asubuhi halitaisha kwa siku moja, na wenzangu wawili wa idara ya kompyuta watahitaji kujua nilipitia wapi.

Kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini. Ofisi kuu iko Moi Avenue, godauni liko Shimanzi, na makarani wetu wengine huzunguka na laptopu kutwa nzima. Kompyuta zote kwa jumla ni 34. Karani akikwama, hatumngoji avuke mji. Tunaingia kwenye kompyuta yake kutoka hapa kupitia ScreenConnect. Seva yake ni yetu wenyewe, ipo kwenye chumba cha nyuma karibu na betri za akiba. Iliwekwa na fundi wa nje kabla mimi sijaajiriwa, na tangu siku hiyo imefanya kazi bila kulalamika. Ndiyo maana hakuna aliyeiangalia.

Leo asubuhi Bi mhasibu aliniuliza swali dogo: kwa nini kwenye hesabu za mwaka kuna leseni ya programu iliyolipiwa mara moja tu na haikulipiwa tena? Nilikwenda kutazama toleo la seva ili nimjibu. Nilitumia njia ambayo mtu yeyote wa nje angeitumia:

```
curl -sI http://127.0.0.1:8040/
```

Katika majibu kuna mstari wa `Server:`, nao ulianza na `ScreenConnect/21.` Nilikaa nikautazama. Kasoro iliyotangazwa tarehe 19 Februari 2024, CVE-2024-1709, iko katika matoleo yote hadi 23.9.7. Ilizibwa katika 23.9.8. Ilipewa alama 10 kati ya 10 za ukali. Sisi tuko na toleo la 21, na mlango namba 8040 uko wazi kwenye ruta kwa dunia nzima.

Jibu la Bi mhasibu likawa hili. Leseni tuliyonunua ni ya kudumu, yaani programu itaendelea kufanya kazi hata tusipolipa tena. Lakini haki ya kupata matoleo mapya hudumu kwa muda wa matengenezo uliolipiwa tu. Muda ule ulipokwisha, seva haikuzima wala haikutoa kelele. Ilibaki pale pale ilipokuwa, huku kasoro zikiendelea kujulikana. Februari 2024 watengenezaji waliondoa hata kizuizi hicho cha leseni, ili wasiolipia matengenezo nao waweze kusasisha. Nafasi hiyo nayo ilitupita kwa kuwa tangazo lilikwenda kwenye barua pepe ya fundi aliyekwishaondoka.

Saa tano asubuhi nilimwendea meneja. Nilimwambia nataka kufunga mlango wa 8040 na wa 8041 kwenye ruta sasa hivi, kabla ya kusasisha chochote. Wa 8040 ni ukurasa wa wavuti tunaoingilia sisi mafundi. Wa 8041 ndio njia ya zile programu ndogo zilizomo ndani ya kila kompyuta, zinazopiga simu nyumbani kwenye seva. (Kiingereza huziita agent, yaani wakala, lakini ofisini kwetu wakala ni sisi wenyewe tunaotoa mizigo, kwa hiyo humu nitaziita vijumbe.)

Meneja aliuliza, "Mwanangu, na meli ya Alhamisi? Shimanzi wakikwama nani atawasaidia?"

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe. Akakubali. Saa tano na robo milango yote miwili ilikuwa imefungwa. Vijumbe havikufa, kila kimoja kinaendelea kujaribu kuunganika na kitarudi seva ikifunguliwa. Mchana nilipanda tuktuk mara mbili kwenda Shimanzi kwa mambo ya printa.

Jumanne

Usingizi haukunijia vizuri. Swali si tena "tusasishe vipi" bali "kuna aliyeingia?" Kusasisha huziba tundu la kuingilia. Aliyekwisha kuwemo ndani hakumtoi.

Ili kujua nitafute nini, ilinibidi nielewe kasoro yenyewe, nami naiandika hapa kwa utulivu kwa sababu ni rahisi kuliko inavyosikika. Seva ya ScreenConnect ikisakinishwa mara ya kwanza, huonyesha ukurasa uitwao `SetupWizard.aspx`, ambao hukuuliza jina na nywila ya msimamizi mkuu. Ukishamaliza, ukurasa huo hautakiwi kufunguka tena. Programu ina mlinzi anayetazama kila ombi: likiwa linataka `/SetupWizard.aspx` na seva imekwishaandaliwa, analirudisha.

Kosa ni kwamba mlinzi alilinganisha jina herufi kwa herufi. Mtu akiandika `/SetupWizard.aspx/` na chochote baada ya mkwaju ule wa mwisho, mlinzi huona si jina alilokatazwa, humwacha apite. Kumbe mtambo wa chini unaotoa kurasa huusoma mkwaju huo kama nyongeza tu na kuufungua ukurasa ule ule. Ni kama bawabu wa geti la bandari aliyeambiwa amzuie "Ali", kisha akampitisha anayejiita "Ali wa Kisauni". Mgeni hufika kwenye ukurasa wa maandalizi, huunda msimamizi mpya kwa nywila yake, na tangu hapo ana amri juu ya kila kompyuta yenye kijumbe. Hakuhitaji kuvunja nywila ya mtu.

Hapo ndipo palipo na dalili. Ukurasa ule hauongezi jina kwenye orodha. Huiandika upya orodha nzima, faili liitwalo `User.xml` ndani ya folda ya `App_Data`. Watumiaji wote wa zamani hutoweka, abaki yule mmoja. Kwa hiyo seva iliyoingiliwa hivi mara nyingi hujulikana pale mafundi wanapoamka na kukuta nywila zao hazikubaliki.

Nililifungua faili letu. Lina watumiaji wanne: mimi, wenzangu wawili, na fundi wa zamani, ambaye bado ana haki zote za usimamizi. Hilo la nne ni aibu yetu na nimelizima papo hapo. Tarehe za kuundwa zinalingana na tunavyokumbuka, na nywila zetu hazijawahi kukataliwa hata siku moja.

Kisha nikaenda kwenye folda ya `App_Extensions`. Pamoja na kasoro ya kwanza ilitangazwa ya pili, CVE-2024-1708, iliyomwezesha aliyekwisha kuwa msimamizi kupachika mafaili yake nje ya mahali pake. Nyongeza halali hukaa kila moja ndani ya folda yake yenye jina refu la herufi na namba. Faili la `.aspx` au `.ashx` likikutwa limelala moja kwa moja kwenye mzizi wa `App_Extensions`, hilo ni la kutilia shaka sana. Kwetu palikuwa na folda tu.

Nilipumua, lakini si kwa ukamilifu. Seva yetu haikuwa ikiweka kumbukumbu ya kila ombi la wavuti, kwa hiyo siwezi kutafuta ule mkwaju katika maandishi ya miaka iliyopita. Mwenye ujuzi angeweza kurudisha `User.xml` ya zamani baada ya kumaliza shughuli yake, na tarehe za mafaili hubadilishwa kwa urahisi. Ninachoweza kumwambia meneja ni kwamba sijaona dalili. Kwamba hakuna aliyeingia, hilo siwezi kuliapia. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sababu lina uzito wa kisheria: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, tukipata kujua kwamba data za wateja zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, tuna saa 72 za kumjulisha Kamishna. Nimeweka nakala ya diski nzima ya seva kabla ya kugusa lolote zaidi, imo kabatini.

Jumatano

Leo nilikusudia kusasisha, na mchana nikabadili nia. Naeleza kwa nini.

Mtu hawezi kuruka kutoka toleo la 21 hadi la leo kwa hatua moja. Watengenezaji walitoa ngazi ya kupandia, na kwa mwenye toleo kama letu ngazi hiyo hupitia 22.8, kisha 23.3, kisha 23.9, ndipo uende mbele. Ukiruka kidato kimoja hutakuwa na uhakika wa kilichobebwa. Nilikuwa nimekwisha kupakua vyote na kuandaa bakapu.

Kilichonizuia ni kufikiria vitu viwili ambavyo kusasisha hakuvibadilishi. Cha kwanza ni ufunguo wa seva. Kila kijumbe kimebeba nusu ya wazi ya ufunguo huo, na hutii seva yoyote inayothibitisha kuwa na nusu ya siri. Ukisasisha, ufunguo hubaki ule ule, ndiyo maana vijumbe huendelea kuitambua seva. Cha pili ni siri zilizomo katika `web.config`, ambazo seva huzitumia kutia sahihi taarifa zinazokwenda na kurudi kwenye kurasa. Aprili 2025 kilitoka kiraka kingine, toleo 25.2.4, kwa kasoro CVE-2025-3935: mwenye kuzijua siri hizo aliweza kuifanya seva itekeleze amri zake. Ili kuzijua, kwanza ilimlazimu awe amepata haki za juu kwenye seva hiyo. Nikajiuliza, kama kuna aliyepita 2024 akanakili ufunguo na siri zile na kuondoka bila kuacha alama, ngazi yote ninayotaka kuipanda ingemwondolea nini? Ufunguo ungebaki mkononi mwake.

Kwa hiyo tunajenga seva mpya kwenye mashine mpya, toleo la karibuni, ufunguo mpya, siri mpya, watumiaji wapya. Gharama yake ni kwamba kila kijumbe cha zamani kitakuwa kipofu kwa seva mpya, na itabidi tuguse kompyuta zote 34 kwa mkono. Kwa ofisi yenye kompyuta elfu mbili ningepima tena. Kwa 34 sioni sababu ya kubahatisha. Meneja ameidhinisha kulipia matengenezo ya mwaka, na Bi mhasibu ameitia tarehe ya kulipia tena kwenye kalenda yake, siku 30 kabla ya kwisha.

Alhamisi

Kwa kuwa lazima tuguse kila kompyuta, tumeanza kwa kuhesabu. Mwenzangu mmoja alichukua Moi Avenue, mimi Shimanzi, tukiwa na flashi yenye amri hii:

```
Get-CimInstance Win32_Service |
  Where-Object Name -like "ScreenConnect Client*" |
  Format-List Name, State, PathName
```

Amri hii ina faida ambayo orodha ya kawaida ya programu haina. Kila kijumbe hujisajili kama huduma ya Windows kwa jina `ScreenConnect Client` likifuatwa na herufi na namba 16 ndani ya mabano, na hizo 16 ndizo utambulisho wa seva yake. Katika `PathName` kuna sehemu inayoanza na `h=`, na hapo pameandikwa anwani ya seva ambayo kijumbe huipigia. Yaani kompyuta yenyewe inakwambia bwana wake ni nani.

Nilitarajia kupata utambulisho mmoja mara 34. Matokeo: kompyuta 31 zina kijumbe chetu. Katika hizo, tano zina vijumbe viwili. Cha pili kina utambulisho mwingine, na `h=` yake ni anwani ya fundi yule wa zamani.

Nilisimama kwanza pale kwenye dawati la karani wa Shimanzi. Maana yake ni kwamba hata kama mwaka 2024 tungesasisha seva yetu saa ile ile ya tangazo, kompyuta hizi tano zingeendelea kuitii seva nyingine, ambayo toleo lake si sisi tunaolipanga. Anayeiteka seva hiyo anaziteka na kompyuta zetu, na mojawapo ni ya Bi mhasibu. Nilitazama kama muunganiko uko hai:

```
Get-NetTCPConnection -RemotePort 8041 -State Established
```

Tatu kati ya tano zilikuwa zimeunganika wakati ule ule, nazo si kwetu, maana mlango wetu umefungwa tangu Jumatatu.

Jioni nilimpigia fundi simu. Ni mtu mzima, nilimwamkia na kumuuliza kwa adabu. Alisema aliweka vijumbe vile zamani wakati seva yetu ilipoharibika kwa siku chache, ili kazi isisimame, kisha akasahau kuviondoa. "Hiyo mashine nimemwachia kijana wangu, sijaishika siku nyingi." Nilimuuliza iko toleo gani. Hakujua. Simlaumu kwa kutusaidia siku ile. Nasikitika kwamba hakuna karatasi ofisini kwetu iliyoandika kwamba msaada ule uliwahi kuwekwa.

Kompyuta tatu zisizo na kijumbe chetu: mbili hazina kitu, ni mpya. Ya tatu ni ya mizani ya malori pale Shimanzi. Hii nayo ina njia yake, TightVNC 1.3.10, iliyowekwa na aliyeleta mizani ili arekebishe vipimo bila kuja. Niliijua kwa amri ya `netstat -ano | findstr :5900`, kwa kuwa 5900 ndio mlango wa kawaida wa VNC. Novemba 2019 watafiti wa Kaspersky walitangaza kasoro 37 katika programu nne za ukoo wa VNC, mojawapo ikiwa mkondo huu wa 1 wa TightVNC. Kwa mkondo huo hakuna kiraka cha kungojea, kwa sababu waandishi wake waliacha kuutunza na kuhamia mkondo wa 2. Programu ya namna hii huisasishi, unaiondoa.

Msimamizi wa mizani aliniuliza, "Sasa ami, mizani ikikosea kipimo?" Nilimwonyesha kwamba kijumbe kipya kitawekwa hapo, na mtu wa mizani akihitaji kuingia atapiga simu kwetu, tumfungulie kikao huku sisi tukitazama. Alitaka namba ya nani atakayepokea simu saa za usiku. Ana haki, malori hupimwa hadi saa sita. Nimempa yangu.

Ijumaa

Kuondoa vijumbe vya fundi. Vinne viliondoka kwa njia ya kawaida kupitia orodha ya programu. Cha tano, kile cha kompyuta ya Bi mhasibu, kilikataa: Windows ilidai kifurushi cha usakinishaji cha asili, ambacho kilikwisha kufutwa na programu ya kusafisha diski. Ilibidi kusimamisha huduma, kuifuta kwa `sc.exe delete` na jina lake kamili ndani ya alama za nukuu, kuondoa folda yake chini ya `C:\Program Files (x86)`, kisha kuwasha upya. Baadaye nilirudia ile amri ya kuhesabu kwenye mashine zote tano. Sikutaka kuamini dirisha linalosema "imekamilika", nilitaka kuona mstari haupo.

Bi mhasibu alibadilisha nywila zote alizowahi kuandika kwenye kompyuta ile, kuanzia za benki, akitumia kompyuta nyingine iliyo safi. Ilimchukua asubuhi nzima na hakunung'unika.

Jumamosi

Seva mpya iko tayari. Imechukua nusu saa tu, kwa hiyo sina mengi ya kusema juu ya usakinishaji.

La kusema ni mlango. Mlango wa wavuti haujafunguliwa tena kwa dunia. Mafundi watatu tunaufikia kupitia njia ya siri ya WireGuard, na baada ya nywila kuna namba ya pili kutoka kwenye simu. Kilichofunguliwa kwenye ruta ni 8041 peke yake, kwa ajili ya vijumbe. Mwenzangu aliuliza kama basi tunaweza kupumzika kidogo na masasisho, maana kasoro ya 2024 ilikuwa ya ukurasa wa wavuti na ukurasa sasa umefichwa. Nimemwambia hapana, na tulijadiliana kwa muda. 8041 nao ni programu ile ile inayosikiliza ulimwengu, na kasoro ijayo inaweza kukaa huko. Halafu laptopu ya mmoja wetu ikiambukizwa, WireGuard humleta mgeni hadi mlangoni. Kuficha ukurasa kunatupa muda wa kusasisha kabla ya kufikiwa. Ni muda tu.

Kwa muda huo tulihitaji kipimo, na nilichukua tarehe za 2024. Tangazo lilitoka tarehe 19 Februari. Ndani ya siku mbili namna ya kuitumia kasoro ilikuwa imechapishwa hadharani na mashambulizi yalikuwa yameanza. Tarehe 22 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, liliiweka kwenye orodha yake ya kasoro zinazotumiwa na wahalifu. Anayeangalia matoleo kila mwisho wa mwezi angefika baada ya shughuli kwisha. Tumekubaliana: barua za tangazo la usalama za watengenezaji zinakuja kwenye anwani ya idara, si ya mtu, mmoja wetu huitazama orodha ya CISA kila asubuhi ya kazi, na kasoro ya kuingilia bila nywila ikitangazwa, yule aliye zamu anafunga mlango kwenye ruta bila kungoja ruhusa, kisha anapiga simu. Meneja ameliwekea sahihi hilo la mwisho.

Jumatano, wiki ya pili

Vijumbe vipya 31 kati ya 34. Kazi ya miguu tu, haina la kusimulia. Zilizobaki ni laptopu tatu za makarani wa nje. Mmoja yuko Voi na lori lililoharibika.

Jambo moja nimelithibitisha leo kwa macho, na wenzangu walilipuuza. Kusasisha seva hakusasishi vijumbe. Tulipakia kiraka kidogo kilichotoka jana, seva ikaonyesha toleo jipya, na kila kompyuta ikabaki na kijumbe cha toleo la juzi. Lazima uchague mashine kwenye orodha na kuzipa amri ya `Reinstall`. Iliyozimwa huipokea amri ikiwashwa. Kwa hiyo nimetengeneza kundi kwenye ukurasa wa seva linaloonyesha mashine ambazo toleo la kijumbe halilingani na la seva. Kundi hilo likiwa tupu, ndipo tunaandika "imekamilika" humu.

Ijumaa, wiki ya tatu

Laptopu ya Voi imerudi na imewekewa kijumbe. 34 kati ya 34.

Leo tumefanya sasisho la kwanza kwa ratiba. Tumechagua Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane mchana, wakati wengi wako msikitini na ofisi imefunga kaunta. Mwenzangu asiyekwenda swala ndiye aliyeshika zamu. Alisimamisha huduma za seva, akanakili `App_Data` na `web.config` kwenye diski ya nje, akasakinisha, akarudisha. Saa saba na dakika kumi stima ilipotea mtaa mzima. Betri zilishika na usakinishaji ulikuwa umekwisha dakika tatu kabla. Kuanzia sasa betri zinapimwa kabla ya kuanza, nimeongeza hilo kwenye karatasi ya ukutani.

Hadi saa kumi kundi la wasiolingana lilibaki na mashine nne: mizani, ambayo haiwezi kuwashwa upya malori yakiwa kwenye foleni, na laptopu tatu zilizokuwa barabarani. Mizani tumeipanga kesho alfajiri kabla ya lori la kwanza. Yule fundi mzee alipiga simu mchana. Kijana wake ameitazama mashine yao, ameizima, na anauliza ile amri ya kuhesabu ili azungukie wateja wake wengine. Nimemtumia.